Zima intaneti uone kama "malipo" yatasimama

Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja alinitumia kiungo na swali fupi: "Kaka, hii ni ya kweli? Naona watu wanalipwa." Kazi yangu ni kufuatilia miamala ya sarafu za kidijitali, kwa hiyo maswali ya aina hii nayapata sana. Nikafungua ukurasa. Juu kulikuwa na picha ya tajiri maarufu, chini yake saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na maelezo: tuma kiasi chochote cha bitikoini, urudishiwe mara mbili. Chini kabisa kulikuwa na kitu kilichomvuta huyu jamaa, orodha ya miamala inayojisogeza yenyewe: huyu katuma 0.5, karudishiwa 1. Yule katuma 2, karudishiwa 4.

Nikazima intaneti kwenye kompyuta. Orodha ikaendelea kushuka kama kawaida, na walipwaji wapya wakazidi kujitokeza. Hapo hakuna malipo yoyote yanayosomwa kutoka popote. Ukurasa ulipofunguka ulikuja na vijistari vichache vya kode vinavyobuni namba na kuzionyesha kila baada ya sekunde kadhaa, ndani ya kivinjari chako mwenyewe.

Watu wengi hushauriana "hakikisha akaunti ni yake kweli". Ushauri si mbaya, lakini Julai 15, 2020 ulishindwa kabisa. Siku hiyo akaunti halisi za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na wengine zilichapisha ahadi ileile: tuma dola 1,000 za bitikoini, nitakurudishia 2,000, nusu saa tu. Alama ya kuthibitishwa ilikuwepo, na jina lilikuwa sahihi hadi herufi ya mwisho. Matapeli walikuwa wamewapigia simu wafanyakazi wa kampuni wakijifanya watu wa kitengo cha kompyuta, wakawaelekeza kwenye ukurasa bandia wa kuingilia, wakazoa nywila zao na kufika kwenye mitambo ya ndani. Akaunti 45 zilitumika kuchapisha. Mmoja wa wahusika alikuwa kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida.

Kwa hiyo mimi sianzi na akaunti. Naanza na anwani ya pochi, ile unayoambiwa utume fedha, kwa sababu daftari la bitikoini linaloandika kila muamala liko wazi kwa kila mtu. Anwani kuu ya siku ile inaanza na bc1qxy2kgd, na historia yake bado inasomeka hadi leo. Unainakili anwani, unaibandika kwenye tovuti yoyote ya kutazamia miamala ya bitikoini, kisha unaangalia pande mbili: zilizoingia na zilizotoka. Kwa Julai 15 utaona mamia ya watu wakiingiza, jumla ikipita bitikoini 12, zaidi ya dola 110,000 kwa bei ya wakati ule. Fedha zilizotoka hazikuwarudia waliotuma. Zilikusanywa kwa mafungu na kuhamishiwa pochi nyingine.

Ukisoma upande wa zilizoingia, kuwa mwangalifu. Wingi wa waliotuma hauthibitishi chochote, maana tapeli anaweza kujitumia fedha zake mwenyewe ili pochi ionekane ina shughuli. Swali ni moja: ukichukua anwani ya mtumaji yeyote, je, kuna muamala uliomrudia wenye kiasi maradufu?

Na hata tapeli akipatwa na huruma, ahadi yenyewe ina tatizo. Wanaoanza wengi huhifadhi sarafu zao kwenye masoko ya kubadilishia. Ukituma kutoka huko, kwa kawaida soko hulipa kwa kutumia pochi yake ya pamoja, wala anwani inayoonekana kwa mpokeaji si yako. Akiirudishia fedha anwani hiyo, zinaingia kwenye kapu la soko bila jina lako. Ile kauli kwamba "tunahitaji utume kwanza ili tuithibitishe anwani yako" haina msingi. Anayetaka kukulipa anahitaji anwani yako ya kupokelea tu, na unaweza kuiandika kwenye ujumbe bila kutuma hata senti.

Siku hizi njia inayonisumbua zaidi ni video za moja kwa moja. Chaneli ya mtu mwingine kabisa, pengine ya muziki au michezo ya kompyuta, inatekwa na kubadilishwa jina, kisha yanarushwa mahojiano ya zamani ya mtu maarufu yakiwa na msimbo wa kuskani pembeni. Mtazamaji anaona wafuasi laki kadhaa, kumbe walijiunga kwa ajili ya kitu kingine. Nikikuta chaneli ya namna hiyo, naangalia tarehe ya video zake za nyuma. Mara nyingi zimefichwa zote.

Jamaa yangu alikuwa ameshatuma. Nilimwonyesha muamala wake: uliingia saa nne usiku, na baada ya dakika 20 pochi ilikuwa sifuri. Muamala wa bitikoini ukishathibitishwa hauna kitufe cha kuurudisha, ila kama fedha zimefikia soko la kubadilishia, soko linaweza kuzizuia likipewa taarifa mapema. Tuliliandikia usiku uleule, tukaambatanisha namba ya muamala. Kesho yake mtu asiyemjua akamwandikia akidai anaweza kuzirejesha zote, kwa ada ndogo inayolipwa kwanza.