Volti moja na nusu ya betri ya tochi inatoka wapi?

Betri ndogo ya rimoti na betri nene ya tochi, zote zinazouzwa hapa Lubumbashi kwenye soko la mtaa wa Kenya, zimeandikwa 1.5 V. Nene ina uzito unaozidi mara kadhaa ule wa ndogo, bei yake iko juu, na inadumu zaidi. Lakini volti hazikuongezeka hata kidogo. Wanafunzi wanaokuja katika maabara yetu ya kemia huliuliza hili kila mwaka, na jibu lake linafungua karibu kila kitu kuhusu betri.

Volti hazipimi wingi wa umeme ulio ndani. Zinapima nguvu ambayo kila elektroni inasukumwa nayo. Fikiria tangi la maji juu ya mnara: shinikizo bombani linategemea urefu wa mnara, wala si upana wa tangi. Tangi pana litatoa maji kwa muda mrefu zaidi, basi. Katika betri, "urefu" huo unaamuliwa na vitu viwili vilivyowekwa kwenye ncha zake, yaani kimoja kinachotoa elektroni na kingine kinachozipokea.

Ukifungua betri ya kawaida ya zinki na kaboni utakuta kopo la metali ya kijivu. Hilo kopo ni zinki, na ndilo ncha hasi yenyewe. Ndani yake kuna karatasi iliyolowa uji wa chumvi (kloridi ya amonia au kloridi ya zinki), kisha unga mweusi uliosindiliwa, na katikati kijiti cheusi cha kaboni chenye kifuniko cha metali juu. Fungua aina hii tu, tena kwa glavu na miwani. Betri za alkalini zina magadi makali yanayounguza ngozi na macho, na za lithiamu zinaweza kuwaka moto mkononi.

Kwa sababu ya jina lake, watu wengi hudhani kwamba zinki na kaboni ndizo zinazopambana kutengeneza volti. Kaboni haifanyi hivyo. Kijiti kile ni njia tu ya kupitisha elektroni. Anayezipokea ni ule unga mweusi, dioksidi ya manganizi, MnO2, uliochanganywa na masizi ya kaboni ili upitishe umeme vizuri.

Unaweza kulithibitisha kwa glasi ya maji yenye kijiko cha chumvi na mita ya umeme. Chovya ukanda wa zinki na kipande cha waya wa shaba, ambao mji wetu haujawahi kuukosa. Mita itaonyesha kama volti 0.7 au 0.8. Toa shaba, weka kijiti cha kaboni: utaona karibu volti moja, lakini namba inayumba, na ukiunganisha balbu ndogo inaanguka mara moja. Hapo kinachopokea elektroni ni oksijeni kidogo iliyoyeyuka majini, nayo inaisha haraka karibu na kijiti. Sasa chukua unga mweusi wa betri mpya, uzungushie kijiti hicho kwa kitambaa, ufunge kwa uzi na kurudisha majini. Mita inapanda kuelekea 1.5 na kutulia. Zinki ni ileile, kaboni ni ileile. Kilichoingia ni manganizi.

Wanakemia hupima kila dutu peke yake kwa kuilinganisha na ncha ya hidrojeni, ambayo wamekubaliana kuiita sifuri. Zinki iko volti 0.76 chini ya sifuri: inaachia elektroni zake kwa urahisi. Dioksidi ya manganizi, ndani ya uji ule wenye uchachu kidogo, iko karibu volti 0.75 juu ya sifuri: inazivuta. Umbali kati yao ni kama volti 1.5. Kwa lugha ya nishati, kila kulombu moja ya umeme inayopita inatoa juli 1.5, iwe betri ni ndogo au nene. Katika betri yenye kloridi ya amonia, kinachotokea kinaandikwa hivi:

Zn + 2MnO2 + 2NH4Cl → Zn(NH3)2Cl2 + 2MnOOH

Chembe moja ya zinki inatoa elektroni mbili, na manganizi mbili zinapokea moja moja. Ndiyo maana betri ya alkalini, ambayo nayo ina zinki na dioksidi ya manganizi, inasoma 1.5 vilevile ingawa uji wake ni tofauti kabisa na inadumu zaidi. Na ndiyo maana ile betri bapa ya saa na ya ufunguo wa gari, CR2032, inatoa volti 3. Upande wake wa kupokea mara nyingi ni dioksidi hiyohiyo ya manganizi, lakini mahali pa zinki pamewekwa lithiamu, metali inayoachia elektroni kwa nguvu kubwa zaidi.

Tunaishi jirani na madini haya. Zinki inachimbwa Kipushi, safari fupi kutoka hapa, na manganizi iko Kisenge, mkoa wa Lualaba.

Ila 1.5 ni namba ya betri mpya iliyopumzika. Kadiri MnO2 inavyogeuka kuwa MnOOH, viwili hivyo vinakaa ndani ya chembe ileile ya unga, na mvuto wake kwa elektroni unapungua polepole. Kwa hiyo volti zinateremka kama mtelemko mrefu, kutoka 1.5 hadi karibu 0.9, ambapo vifaa vingi hukataa kufanya kazi. Wakati huohuo ukinzani wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita ndani ya betri yenyewe, unaongezeka, na huu ndio unaowadanganya watu wenye mita.

Tuseme redio ya betri nne imenyamaza. Unapima moja moja: tatu zinasoma 1.5, moja 1.42. Ukiishia hapo utasema zote nzima na kulaumu redio. Sasa unganisha kizuizi cha omu 10 kwenye ile ya nne na upime tena huku umeme ukipita. Inashuka hadi 0.95. Mkondo ni 0.95 gawanya kwa 10, yaani ampea 0.095. Volti zilizopotea njiani ni 1.42 kutoa 0.95, yaani 0.47. Gawanya 0.47 kwa 0.095 upate ukinzani wa ndani wa karibu omu 5. Betri nzima ya aina hii huwa chini ya omu moja. Hiyo moja inatosha kuizuia redio nzima, kwa sababu mkondo wa zote nne unapita ndani yake.

Wengi huanika betri kama hiyo juani, na redio inazungumza tena kidogo. Joto linasaidia ayoni, yaani chembe zinazobeba umeme, kusambaa ndani ya uji na ukinzani unashuka kwa muda, lakini zinki iliyoliwa hairudi, wala MnOOH haigeuki kuwa MnO2. Tena kopo ndilo lililokuwa linaliwa muda wote. Likishatoboka, joto linausukuma ule uji wa chumvi utoke na kutafuna springi na nyaya za redio. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi ndio dalili yake. Betri iliyofikia hapo itolewe siku hiyohiyo, na springi isafishwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha ikaushwe kabla ya kuweka nyingine.