Nani yuko chini ya skini? Namna ya kumtambua mhusika wa gemu akivaa sura ya mwingine

Skini ni vazi la kidijitali. Mchezaji analinunua au analipata kwa kucheza, kisha anamvika mhusika wake. Rangi hubadilika, nywele hubadilika, pengine sura nzima hubadilika, lakini nguvu, kasi na mashambulizi ya mhusika hubaki yaleyale. Skini ya kolabo ni ya aina hiyohiyo, ila sura imeazimwa kutoka kwingine: katuni, filamu, bendi ya muziki, au gemu nyingine. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu macho yanamwona mtu fulani wanayemfahamu, kumbe anayecheza ni mwingine kabisa.

Nitaeleza zaidi kwa kutumia Overwatch 2, gemu ya kupigana risasi kwa timu, kwa kuwa katika gemu hiyo kila shujaa ana kazi yake, na ukimkosea utapigwa kwa jambo ambalo hukulitarajia.

Machi 2023 Overwatch 2 ilifanya kolabo na katuni ya Kijapani ya One Punch Man. Miongoni mwa skini zilizotoka ilikuwamo ya Tatsumaki, binti mdogo wa nywele za kijani na gauni jeusi. Anayemfahamu Tatsumaki anajua kwamba huelea angani na kurusha mawe makubwa kwa nguvu za akili. Sasa unaingia mchezoni, unamwona binti huyo upande wa adui, na unajiandaa kukwepa mawe. Mawe hayaji. Kinachokuja ni visu vidogo vinavyorushwa kimoja kimoja, na kimoja kikikupata kichwani unaumia vibaya. Halafu vikaratasi vinaruka kutoka mikononi mwake na kuwafuata wenzake waliojeruhiwa, nao wanapona. Unamkimbilia, anapanda ukuta. Unamfuata juu, anatoweka ghafla na kutokea kando ya mwenzake. Huyo ni Kiriko. Visu, vikaratasi vya uponyaji, kupanda kuta na kuruka mara moja hadi kwa mwenzake ni vitu vyake, na hakuna skini inayoviondoa. Novemba mwaka huohuo Kiriko alivikwa tena, safari hii kwa mtindo wa kundi la muziki la LE SSERAFIM. Sura mbili zisizohusiana hata kidogo, lakini visu ni vilevile.

Kwa hiyo swali la kujiuliza unapokutana na skini ngeni si "huyu anafanana na nani?" bali "ameshika nini, na anakifanyia nini?" Silaha ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Msanii anaweza kuipaka rangi, kuinakshi, hata kuibadilisha umbo kiasi, lakini namna inavyoshikwa na namna inavyopiga haziguswi. Bunduki ya mikono miwili itashikwa kwa mikono miwili. Upinde utavutwa. Kinachopigwa karibu hakitageuka kuwa cha mbali. Katika kolabo ileile ya One Punch Man, shujaa Soldier: 76 alivishwa kama Mumen Rider, mtu wa baiskeli ambaye hajulikani kwa bunduki yoyote. Mchezoni anakuja na bunduki yake ya kawaida mikononi, anakimbia kwa kasi na kufyatua risasi mfululizo. Ukiangalia kofia na miwani utapotea. Ukiangalia mikono hutakosea.

Baada ya silaha, angalia umbo la jumla na mwendo. Wasanii wa gemu za namna hii huwachora wahusika ili watofautiane hata wakiwa vivuli vyeusi tu. Timu ya Valve iliyotengeneza Team Fortress 2 ilieleza jambo hilo mwaka 2007 katika makala ya kitaalamu kuhusu michoro ya gemu yao: wahusika tisa, kila mmoja na umbo linalosomeka kwa mbali bila kuona uso. Rangi zao zilipangwa ziwe nyeusi zaidi miguuni na kung'aa kuelekea kifuani, ili jicho livutwe mahali silaha ilipo. Timu nayo husomeka kwa rangi, nyekundu au buluu. Kofia za kila aina zilipokuja kuongezwa baadaye, mwili, miguu na namna ya kukimbia vilikuwa vimeshabeba utambulisho.

Ndiyo maana shujaa mnene hageuzwi mwembamba kwa skini. Mwili unaopigika, yaani lile eneo lisiloonekana ambalo risasi ikiligusa inahesabiwa, haubadiliki katika Overwatch, basi sura nayo inalazimika kukaa karibu na mwili huo. Kama ingekuwa vinginevyo, ungelenga bega ambalo halipo. Sheria hii ina faida kwako mtazamaji: upana wa mabega, urefu, na namna mhusika anavyotembea ni ushahidi usionunuliwa.

Kuna alama nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni jinsi watengenezaji wanavyochagua nani amvae nani. Hawachagui ovyo. Julai 2024 ilikuja kolabo ya Transformers. Optimus Prime alipewa Reinhardt, yule jitu la deraya anayetangulia mbele na kukinga wenzake kwa ngao pana ya mwanga. Megatron alipewa Ramattra, ambaye tayari ni roboti na tayari ana miili miwili anayobadilishana. Bumblebee alipewa Bastion, roboti anayejigeuza na asiyesema maneno, hutoa milio tu. Ukishajua mgeni ni mtu wa namna gani, jiulize ni shujaa yupi wa gemu anayekaribiana naye kwa mwili au kwa kazi, na mara nyingi utampata kabla hajafyatua risasi ya kwanza. Lakini kubali kwamba inafika mahali panafanana kisha panaachana. Anayempenda Bumblebee atasubiri ageuke gari na kukimbia. Bastion akigeuka anakuwa mzinga unaotembea, na mwendo wake hupungua huku risasi zikimiminika. Dawa yake ni kujificha nyuma ya ukuta hadi muda wa umbo hilo uishe, si kumkimbiza.

Sauti nayo inasaidia sana, hasa pale usipoona kitu. Kila shujaa wa Overwatch ana nyayo zake, na anapotumia nguvu yake kuu hupaza sauti inayofahamika. Hapa skini chache huleta tofauti ndogo. Hanzo, mpiga upinde, kwa kawaida hutuma mazimwi mawili yanayopita hata ukutani. Akiwa amevaa skini ya Okami au Lone Wolf, mazimwi yanakuwa mbwamwitu, na hata maneno anayoyasema yanabadilika. Aliyezoea kusikia neno moja tu anaweza kuchelewa kukimbia. Lakini sauti ni ya mtu yuleyule, na mbwamwitu wanapita njia ileile kwa upana uleule. Sikiliza sauti yenyewe, usitegemee maneno.

Kama bado huna uhakika, gemu yenyewe itakwambia. Katika Overwatch 2 kwenye kompyuta, bonyeza `Tab` utaona jedwali la wachezaji pamoja na picha za mashujaa wao, na picha hizo hazifuati skini. Hali ni hiyohiyo kwenye orodha ya nani kamuua nani inayopita kona ya juu ya skrini. Ukifa, tazama marudio ya kifo chako hadi mwisho badala ya kuyaruka. Utaona kwa macho ya aliyekuua, na mikono yake ikiwa mbele yako silaha haina pa kujificha.

Si gemu zote zinafuata utaratibu huu. Dead by Daylight, gemu ambayo muuaji mmoja huwawinda wanaomkimbia, ina skini za daraja la juu kabisa zinazobadilisha mtu mzima: uso, sauti, na hata jina. Leon Kennedy, mmoja wa wanaokimbia, anaweza kugeuka Chris Redfield, na huwezi kumjua kwa uso wala kwa kumsikia. Kwa upande wa wanaokimbia hilo halileti madhara makubwa, kwa sababu wote wana kasi moja na ujuzi wao hubebwa na mchezaji, si na sura. Kwa muuaji mambo ni tofauti, maana kila muuaji ana nguvu yake. Naughty Bear, dubu wa kuchezea kutoka gemu nyingine, ni skini ya Trapper. Ukimwona dubu, usishangae uso wake. Tazama nyasi ulizokanyaga. Kama kuna mitego ya chuma imetegwa njiani na karibu na madirisha, umeshamjua, na kuanzia hapo kila hatua inahitaji kutazama chini.

Super Smash Bros. Ultimate inakwenda mbali zaidi. Bowser Jr. ana mavazi manane, na saba kati yake ni wahusika kamili wenye majina yao: Larry, Roy, Wendy, Iggy, Morton, Lemmy na Ludwig. Mtangazaji wa gemu huwataja kila mmoja kwa jina lake. Wote wamekaa ndani ya chombo kilekile kidogo chenye uso wa kikatuni, na mapigo yao ni mamoja. Chombo hicho ndicho cha kukitambua, aliyekaa ndani ni mapambo. Wageni wengine katika gemu hiyohiyo, kama Ryu wa Street Fighter au Cloud wa Final Fantasy VII, hawamvai mtu. Wao ni wapiganaji kamili wenye mapigo yao, na kumtafuta aliye chini yao ni kupoteza muda.

Halafu kuna Fortnite, ambako swali lenyewe halina jibu. Kule shujaa wa katuni, mwanamuziki na ndizi yenye miguu wana uwezo mmoja. Hakuna mhusika aliyefunikwa. Kuna mchezaji na vazi lake, basi. Usimwogope adui kwa sababu amevaa sura ya mtu mwenye nguvu kwenye filamu. Kinachokuhusu ni bunduki aliyookota, na hiyo inaweza kuwa katika mkono wa yeyote.

Pagumu kabisa ni pale unapoonyeshwa picha moja tu, haina sauti wala mwendo, na mhusika amekaa pozi la tangazo. Anza na mikono. Kama silaha haipo, tafuta vitu vidogo vinavyomzunguka: Zenyatta wa Overwatch 2, kwa mfano, alivishwa kama Aang katika kolabo ya katuni ya Avatar, lakini mipira yake bado inaelea kumzunguka. Ukishapata dhana, fungua ukurasa wa shujaa huyo ndani ya gemu na upitie skini zake. Skini hupangwa chini ya jina la mwenyewe, si la mgeni, kwa hiyo ukiikuta hapo umemaliza, na usipoikuta nenda kwa shujaa anayefuata mwenye mwili wa ukubwa huohuo.