Umechagua mkusanyo, mbona barua bado kumi kwa siku?

Ninasimamia orodha kadhaa za barua pepe kwenye seva ya Mailman 2.1. Juzi mwanachama mmoja aliniandikia kwa hasira kidogo: alikuwa akipata barua 40 kwa siku, akawasha “Digest”, yaani mkusanyo, ili zije zikiwa zimefungwa pamoja, mara moja kwa siku. Badala yake akaletewa mafurushi kama kumi.

Hakukosea yeye. Mailman hutuma mkusanyo kwa sababu mbili: saa ya kila siku ikifika, ambayo kwa kawaida ni adhuhuri kwa saa ya seva, au furushi likijaa. Kiwango cha kujaa, usipokigusa, ni KB 30, na hapo hupimwa barua nzima kama ilivyoingia, pamoja na vichwa vyake vya kiufundi na viambatisho. Kwenye orodha ile, jibu la mistari miwili tu lilikuwa na takriban KB 8, karibu zote vichwa. Barua nne zikishaingia, furushi limejaa na linaondoka. Gawanya 40 kwa nne, utapata kumi zake. Siku mtu akituma picha, furushi huondoka papo hapo hata kama lina barua hiyo moja tu.

Dawa iko kwa msimamizi. Niliweka `digest_size_threshhold` kuwa 0 (ndiyo, herufi “h” mbili, ndivyo ilivyoandikwa humo), yaani furushi lisiwe na kikomo, lisubiri adhuhuri. Tangu hapo anapata moja.

Mwanachama mwenyewe anaweza kuchagua aina ya mkusanyo kwa kuandika kwa anwani ya orodha yenye `-request`, mfano `orodha-request@example.org`:

```
set authenticate nywila
set digest mime
end
```

Ukiandika `plain` badala ya `mime`, utapata maandishi matupu yaliyounganishwa. Ni mepesi kusoma kwenye simu, lakini ukijibu, jibu linatoka na kichwa kama “Re: Orodha Digest, Vol 12, Issue 5”, na halishikamani na barua uliyokuwa unaijibu. Wenzako wataliona likielea peke yake, mara nyingi limebeba furushi zima chini yake. `mime` huweka kila barua kama kiambatisho, hivyo programu kama Thunderbird inakuruhusu kuifungua moja na kuijibu hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi humuuliza mtu: unasoma tu, au unajibu? Anayesoma tu namwekea mkusanyo. Anayejibu hata mara mbili kwa wiki namshauri abaki na barua mojamoja, ila azichujie kwenye folda yake kwa kutumia kichwa cha `List-Id`. Kwenye Gmail, chujio ni `list:orodha.example.org`, kisha “Skip the Inbox”. Barua zitakuwa 40 zilezile, lakini simu haitalia hata moja ikiingia.

Ukizima mkusanyo, usishangae furushi moja la mwisho likikufuata. Hizo ni barua zilizokuwa zimeshaanza kukusanywa.