Kikokotoo chasema 1,900, mizani yakataa

Daktari, mimi ni mama wa miaka 45, niko hapa Malindi, urefu sentimita 160. Kwa miezi kumi nimeshuka kutoka kilo 92 hadi 74. Kikokotoo cha simu chasema natumia kalori 1,900 kwa siku. Nala 1,600, lakini wiki sita sasa mizani haisogei. Nani mwongo?

Si mizani, dada. Uzito ukikaa palepale wiki sita, kinachoingia ndicho kinachotoka. Kama hesabu ya chakula chako ni sawa, watumia 1,600.

Kikokotoo huchukua kilo zako mara 10, huongeza urefu mara 6.25, hutoa umri mara 5, kisha hutoa 161. Kwako inakuja 1,354, kalori za kupumzika tu. Huzidisha kwa 1.4 kwa ajili ya shughuli, ndipo inapotoka karibu 1,900. Kinaziona kilo 74 lakini hakijui kwamba umetoka 92. Wewe na mwanamke ambaye miaka yote alikuwa na 74, kwake ni mtu mmoja.

Mwili wako wajua tofauti. Mafuta yakipungua, hushuka pia leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta hayo. Ubongo huona njaa imeingia, ukaanza kubana: homoni ya thairoidi hupungua nguvu, na misuli hufanya kazi ileile kwa kalori chache. Kwa hivyo matumizi hushuka kupita yale ambayo kupungua kwa kilo peke yake kungeeleza.

Basi kalori 300 zote zinabanwa na mwili?

Sidhani. Kwa wengi, upungufu huo wa ziada wakati wa kupumzika ni makumi ya kalori, au mia na kidogo. Kweli, mwaka 2016 ilichapishwa habari ya Wamarekani 14 waliopungua kwenye shindano la televisheni. Miaka sita baadaye walitumia takriban kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa. Lakini wale walipungua makumi ya kilo kwa mazoezi makali; usijipime nao.

Zingine hupotea kwenye mwendo. Ulikuwa ukienda sokoni kwa miguu, sasa wapanda tuktuk, wala hukukusudia. Na zingine ziko sufuriani: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, na tui ni nani hulipima?

Jaribu hivi kwa siku 14. Pima kila kitu, tui nalo, kabla halijamiminwa. Jipime kila asubuhi baada ya msalani, kisha linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa pili. Siku moja pekee haisemi kitu, maana chumvi na hedhi hushika maji.

Nishuke mpaka 1,100?

Hapana. Kadiri unavyozidi kujinyima ndivyo mwili unavyozidi kubana. Kaa kwenye 1,600 wiki kadhaa. Sehemu ya kubana huko hulegea uzito ukitulia. Kisha punguza mia mbili hivi, na urudi kutembea. Ukiwa pia wahisi baridi kwenye joto hili letu, choo kigumu na uchovu usioisha, nenda upimwe thairoidi, kwani hilo ni jambo jingine.