Mlinganyo tofautishi wa daraja la pili, na tarakimu iliyofifia kwenye picha

Mwanafunzi mmoja ninayemfundisha tuisheni hapa Ngara alinitumia picha kwenye WhatsApp saa tatu usiku. "Mwalimu, shikamoo. Hii naianzaje?" Alikuwa ameipiga ndani ya matatu, Thika Road, na kivuli cha kidole kimelala juu ya karatasi. Nilichoweza kusoma ni hiki:

y'' + 4y' + ?y = 0, y(0) = 1, y'(0) = 0

Mahali pa alama ya kuuliza palikuwa na tarakimu iliyofifia. Ingeweza kuwa 3, 4 au 5. Tarakimu hiyo moja ndiyo inayoamua jibu litakuwa la sura gani.

Kwanza majina. Mlinganyo ni wa daraja la pili kwa sababu una y'', yaani kasi ya y' kubadilika. Ni homojinia kwa sababu upande wa kulia ni sifuri. Vizigeu ni namba tupu zisizobadilika na x, na hapo ndipo njia nzima inaposimama. Tunakisia kwamba y = e^(mx), kwa kuwa kila ukiitafutia kasi ya kubadilika inabaki ileile, ikizidishwa na m tu. Ukiiweka kwenye mlinganyo, e^(mx) inajitokeza kila mahali, unaigawanya, na kinachobaki ni mlinganyo wa kwadrati wa kidato cha pili: m² + 4m + ? = 0.

Tuseme ni 3. Mizizi ni −1 na −3, namba halisi mbili tofauti, basi y = Ae^(−x) + Be^(−3x). Masharti mawili yanatoa A = 3/2 na B = −1/2. Hapa hakuna la kuhangaisha.

Tuseme ni 4. Sasa (m + 2)² = 0, mzizi ni −2 na umejirudia. Wengi huandika Ae^(−2x) + Be^(−2x), wakidhani wana majibu mawili. Hilo ni moja lililoandikwa mara mbili: A + B ni namba moja tu. Ukijaribu masharti utagundua mwenyewe, maana y(0) = 1 inataka A + B = 1, halafu y'(0) = 0 inataka A + B = 0. Jibu la pili ni xe^(−2x). Halikuokotwa hewani. Chukua mizizi miwili inayokaribiana, −2 na −2 + h, toa jibu la mmoja kwenye la mwingine, gawanya kwa h. Tofauti hiyo nayo ni jibu, na h ikisogea sifuri inageuka xe^(−2x). Kwa hiyo y = (A + Bx)e^(−2x), na masharti yanatupa (1 + 2x)e^(−2x).

Tuseme ni 5. Chini ya kipeuo panatokea 16 − 20 = −4, mizizi ni −2 ± i, namba changamano. Sehemu halisi, −2, inabaki juu ya e. Ile 1 iliyoshikana na i inaingia ndani ya kosini na saini, kwa sababu e^(ix) = cos x + i sin x. Jibu ni y = e^(−2x)(A cos x + B sin x), na kwa masharti yetu A = 1, B = 2. Kosa ninalosahihisha kila muhula ni kuweka A = y(0) halafu B = y'(0) moja kwa moja. Hapa y'(0) ni −2A + B, ndiyo maana B ni 2 wala si 0.

Nilidhani ningeweza kumwambia achore grafu ajionee tofauti. Haisaidii sana. Kwenye x = 1 zile tatu zinatoa takriban 0.53, 0.41 na 0.30, na zote zinashuka kistaarabu. Ile ya 5 kweli inavuka sifuri, lakini inazama hadi −0.0019 tu, pale x = π. Kwa macho huoni kitu.

Nikarudi kwenye picha, nikaivuta chini kabisa. Sehemu ya b ilisomeka vizuri: tafuta x chanya iliyo ndogo kuliko zote ambapo y = 0. Ikiwa ni 3, tungehitaji e^(2x) = 1/3, na hiyo inadai x hasi. Ikiwa ni 4, 1 + 2x = 0, hasi tena. Ikiwa ni 5, cos x + 2 sin x = 0, yaani tan x = −1/2, na x ni takriban 2.68.

Nikamwandikia: "Ni 5. Toa kidole."