Pilau ya matanga: kula saa saba, kutapika saa kumi

Mtu akija zahanati anatapika na tumbo linamsokota, siulizi kwanza alikula nini. Nauliza alikula saa ngapi, akaanza kutapika saa ngapi, na katika wale aliokula nao ni nani hajaugua. Majibu hayo matatu mara nyingi hunielekeza kwa mkosaji kabla sijamgusa tumbo.

Tuchukue matanga mahali kama Ahero, nje kidogo ya Kisumu. Wapishi wameepua pilau saa kumi na moja alfajiri, sufuria kubwa imefunikwa, ikasubiri mazishi. Saa saba mchana inapashwa moto juu ya makaa, watu wanapakuliwa. Kufikia saa kumi jioni, watu tisa wanatapika mfululizo, tumbo linakaza na kuachia. Wawili wameanza kuhara kidogo. Hakuna aliye na homa. Waliokula ugali na kuku bila kugusa pilau ni wazima.

Saa tatu ni muda mfupi mno kwa mdudu kuingia tumboni, kuzaana na kumwangusha mtu. Kinachofanya kazi haraka namna hiyo ni sumu iliyokuwa tayari kwenye sahani. Kwa mchele, wa kwanza kushukiwa ni bakteria aitwaye Basilasi sereasi. Mbegu zake huwa kwenye mchele tangu shambani, na kuchemka hakuziui. Wali ukikaa na joto la vuguvugu, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Sufuria kubwa iliyofunikwa ni kitanda kizuri kwao: ukingoni imepoa, katikati bado vuguvugu kwa saa nyingi. Mshukiwa wa pili ni stafilokoka, anayeishi puani na kwenye vidonda vya vidole. Huyu huingia chakulani baada ya kupikwa, kwa mkono wa anayechambua nyama au kupakua, na dalili zake pia huanza kati ya nusu saa na saa nane.

Hapa ndipo wapishi wengi hukosea, hata wale hodari. Wanaamini kupasha moto mpaka mvuke utoke kunaondoa ubaya wote. Moto huua bakteria, lakini sumu za hawa wawili hustahimili kuchemka. Na usitarajie harufu au ladha ikuonye, kwa sababu pilau yenye sumu hiyo inaweza kunukia vizuri tu. Dawa ni kabla: isikae zaidi ya saa mbili kwenye uvuguvugu. Ama ibaki moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, ama itandazwe kwenye sinia kwa kina cha vidole vitatu hivi ipoe upesi, kisha iingie kwenye friji. Pasipo friji, ipikwe karibu na wakati wa kula.

Saa zikiwa nyingine, picha hubadilika. Mchuzi wa nyama uliolala kwenye sufuria huleta msokoto na kuhara baada ya saa nane hadi kumi na mbili, kutapika kukiwa kidogo. Homa inayokuja kesho yake inanifanya nifikirie salmonela, na kwa ukanda huu wa ziwa siachi kupima malaria, hata kama jirani wote wanalaumu pilau.

Tatizo hili la saa tatu kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya siku moja. Kinachoumiza ni maji na chumvi vinavyotoka, hasa kwa mtoto. Katika wale tisa yumo mtoto wa miaka minne, kilo 15. Macho yameingia ndani, ana kiu kali, na ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Huyo tayari amepungukiwa maji na anastahili kuangaliwa zahanati, lakini kumnywesha kuanze palepale nyumbani na kuendelee njiani.

Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa nne. Kwa kilo 15 ni mililita 1,125, yaani lita moja na kidogo. Mama ataniambia, "Daktari, akinywa tu anarudisha." Ni kweli, akipewa kikombe kizima. Mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika. Kijiko ni mililita 5, kwa saa ni 300, kwa saa nne ni 1,200. Kiasi chote kimeingia bila tumbo kushtuka. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena taratibu zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Maji yenyewe ni ya ORS. Soma pakiti kabla hujaikata, maana ziko za nusu lita na ziko za lita nzima. Mwaga pakiti yote kwenye kiasi chake cha maji safi. Kwa nusu lita, chupa ya soda ya mililita 500 iliyooshwa vizuri inatosha kupimia. Kugawa pakiti kwa kukadiria, au kuikoroga yote kwenye kikombe kimoja, huleta maji makali yanayovuta maji ya mwili kuingia utumboni, na kuhara kunazidi. Soda na juisi tamu zina kosa hilohilo kwa upande wa sukari. Maji ya ORS yakipita saa 24, mwaga utengeneze mengine. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hivyo onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Antibayotiki haina kazi dhidi ya sumu iliyokwisha kutengenezwa, kwa hivyo Flajili iliyobaki kabatini iache. Dawa za kufunga kuhara asipewe mtoto, wala mtu mzima mwenye homa au damu kwenye choo. Brufeni nayo naikataa: tumbo tayari limechubuka, na figo zilizokaukiwa haziipendi.

Nenda hospitali bila kungoja kukiche ikiwa choo kina damu, au kinatoka kingi kama maji yaliyooshewa mchele, kwa sababu hiyo inaweza kuwa kipindupindu. Nenda pia ikiwa hakuna kinachokaa tumboni hata kwa kijiko, mkojo haujatoka kwa saa sita hadi nane, mgonjwa amelegea au anachanganyikiwa, homa iko juu, au maumivu yametulia sehemu moja, hasa chini kulia. Mjamzito, mzee na mtoto mchanga wasisubirishwe.

Dalili nyingine hazihusiani na pilau iliyolala kabisa. Mate yakimtiririka mtu, jasho likimtoka na mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, huenda dawa ya shambani imeingia chakulani. Macho yakiona viwiliviwili na kope zikianguka, huenda ni sumu ya neva. Hao wote ni wa gari sasa hivi.

Pilau iliyobaki msiimwage yote. Funga kiasi cha ngumi kwenye karatasi safi ya plastiki, andika saa ya kuepuliwa na saa ya kuliwa, iweke kwenye friji mbali na vyakula vingine, na mwite afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Kilichobaki kizikwe, mbwa na kuku wasikifikie.