Alama 41 kwenye wasifu: imepima nini, na mwombaji aelezweje

Karibu kila tangazo la kazi linapofungwa, na mfumo wa kompyuta ukawa umesoma wasifu wa kila mwombaji na kuupa alama kati ya 100, napokea ujumbe wa aina ileile: "Mfumo umenipa 41, kwa hiyo mimi sifai kazi ya hesabu." Na mara nyingi afisa aliyemjibu mwombaji kabla yangu huwa amekwisha kumpa sentensi moja kavu, "Hukukidhi vigezo," akafunga jalada. Wote wawili wameichukua alama hiyo kama matokeo ya kidato cha nne, kwamba mtu alikaa akapimwa, akaonekana hawezi. Si kweli, na kwa kuwa nimelieleza hili kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi mno, leo naliandika kwa ukamilifu.

Alama hiyo, inayoitwa alama ya ulinganifu, hupima kiasi cha ushahidi uliosomeka ndani ya wasifu, dhidi ya vigezo vya tangazo moja, kwa uzito ambao mwajiri amekipa kila kigezo. Haipimi zaidi ya hapo. Wasifu uleule ukipelekwa kwa waajiri wawili wanaotafuta mhasibu msaidizi unaweza kupata alama mbili zilizoachana sana, kwa sababu mmoja ameweka uzito kwenye kodi na mwingine kwenye malipo ya mishahara. Kwa hiyo anayemwambia mwombaji "umepata 41" bila kumwonyesha alama hiyo imeundwa na nini hajamweleza chochote anachoweza kukifanyia kazi.

Nichukue mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Kampuni ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam ilitaka mhasibu msaidizi. Vigezo vilikuwa vitano: stashahada ya uhasibu, alama 20, miaka mitatu ya kazi ya hesabu, alama 25, kuandaa usuluhisho wa benki kila mwezi, alama 20, kuandaa ritani za VAT, alama 20, na kutumia programu ya hesabu kama Tally au QuickBooks, alama 15. Mstari wa kuingia kwenye usaili uliwekwa 60. Mwombaji mmoja kutoka Mwanza, mwenye stashahada na takribani miaka minne kazini, alipata 41. Alipiga simu akauliza, kwa heshima lakini kwa uchungu: "Dada, miaka yote hii nimefanya hesabu za watu, inakuwaje napata 41?"

Swali lake lilikuwa na haki ya jibu, na jibu lilikuwa kwenye karatasi ya alama. Stashahada alipata 20 kamili. Uzoefu alipata 6 kati ya 25. Usuluhisho wa benki alipata 5. VAT alipata sifuri. Programu ya hesabu alipata 10. Jumla ni 41. Alama 59 alizokosa zilitoka sehemu nne, na sababu zake si za aina moja. Hapa ndipo watu wengi wa fani yangu ya uajiri wanapoteleza, kwa kuzibeba zote katika fungu moja la "upungufu".

Tuanze na uzoefu. Aliandika kazi zake kwenye jedwali lenye safu mbili, vyeo kushoto na miaka kulia. Kwa macho ya binadamu jedwali lile lilipendeza. Mfumo ulipolisoma ulishuka safu ya kushoto yote kwanza, kisha ya kulia, hivyo vyeo vikakusanyika juu na tarehe zikakusanyika chini, na kazi pekee iliyobaki na tarehe zake ni ile ya sasa aliyoitaja pia kwenye aya ya utangulizi: miezi tisa. Miezi tisa kati ya 36 ni robo, na robo ya 25 ni 6 na ushei. Kazi ya zamani, ya miaka mitatu na miezi miwili, ipo kwenye karatasi lakini haikuhesabiwa. Kasoro hii ni ya usomaji, na mtu yeyote anaweza kuigundua mwenyewe: fungua faili la PDF, chagua maandishi yote, nakili, kisha yabandike kwenye Notepad. Ukiona cheo kimeachana na mwajiri wake au tarehe zinaelea peke yake, ujue huenda mfumo nao umeona vivyo hivyo. Dawa ni kuandika kila kazi kwa mistari inayofuatana, cheo, mwajiri, mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, bila jedwali.

Usuluhisho wa benki ni habari nyingine kabisa. Hapo mfumo ulisoma sawasawa, ila kilichoandikwa kilikuwa: "Kushughulikia masuala yote ya benki." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na anayesuluhisha akaunti tatu kila mwezi, na inaweza pia kuandikwa na anayetumwa benki kupeleka hundi. Nilipomuuliza kwa simu anafanya nini hasa mwisho wa mwezi, alieleza bila kusita: anachukua taarifa ya benki, anailinganisha na daftari la fedha, anaorodhesha hundi ambazo waliolipwa hawajazipeleka benki, na anaingiza makato ya benki ambayo daftari halikuwa nayo. Aliyeieleza kazi hivyo ameifanya. Basi aandike hivyo hivyo: "Ninaandaa usuluhisho wa akaunti mbili za benki kila mwezi, nikifuatilia hundi ambazo hazijalipwa na makato ambayo hayajaingizwa kwenye daftari la fedha." Programu ya hesabu nayo ilikuwa na tatizo la jamii hiyo: Tally imetajwa kwenye orodha ya ujuzi, lakini hakuna kazi hata moja inayosema ameitumia kufanya nini.

VAT ndiyo pengo la kweli. Hajawahi kuandaa ritani. Pale kazini kwake kazi hiyo hufanywa na mshauri wa kodi wa nje. Hapa hakuna namna ya kupanga maneno itakayosaidia, na ni lazima aambiwe waziwazi. Kwa tangazo lile, hata angeandika mengine yote kwa ukamilifu, asingevuka 80. Lakini aambiwe pia kwamba 80 iko juu ya mstari wa 60, na kwamba kurekebisha tarehe peke yake kungemfikisha 60.

Sasa nifike kwenye ushauri unaonikera kuliko wote, ule wa "nakili maneno ya tangazo uyabandike kwenye wasifu wako". Wapo hata wanaoyaandika kwa rangi nyeupe chini ya ukurasa ili yasomwe na mfumo na yasionekane na mtu. Maandishi hayo meupe hujitokeza yote mfumo unapoonyesha wasifu kama maandishi matupu, nasi tunayaona. Na hata yule aliyenakili kwa rangi nyeusi atakuja mezani kwangu, nami nitamuuliza usuluhisho wake wa mwezi uliopita ulikuwa na tofauti gani na aliitatuaje. Aliyeifanya kazi hiyo hujibu papo hapo, maana tofauti zile humsumbua kila mwezi, na aliyenakili hunyamaza. Ninachomshauri mwombaji ni kutumia jina la kazi kama tangazo lilivyoliita, pale tu alipoifanya kweli, kisha aambatanishe kitu kinachoweza kuthibitishwa: alifanya wapi, kwa kipindi gani, kwa akaunti ngapi, kwa programu ipi.

Kwa maafisa wenzangu, barua tuliyomwandikia ilikuwa hivi: "Ndugu mwombaji, tangazo letu liliomba mambo matano. Stashahada yako imekidhi. Tarehe za kazi yako ya awali hazikusomeka kwa sababu ziko kwenye jedwali, hivyo uzoefu wako umehesabiwa kuwa miezi tisa. Kuhusu usuluhisho wa benki tumeona sentensi moja, 'Kushughulikia masuala yote ya benki', ambayo haionyeshi kazi yenyewe. Tally umeitaja bila kueleza ulivyoitumia. Ritani za VAT hatukuziona mahali popote. Kama kuna tulichokikosa, tuonyeshe kilipo." Tazama kwamba kila dai limebeba ushahidi wake, sentensi yake mwenyewe imenukuliwa, na hakuna mahali tuliposema hawezi, kwa sababu hilo hatulijui. Sentensi ya mwisho nayo si mapambo. Yeye aliitumia, akaleta tarehe, na wasifu wake ukasomwa upya na mtu kabla orodha ya usaili haijafungwa.

Hatua za kufuata ziandikwe kwa mpangilio wa sababu hizo. Tarehe zinarekebishwa jioni moja. Sentensi za kazi zinahitaji siku chache za kukumbuka na kuandika upya. VAT inahitaji miezi, na "soma zaidi kuhusu kodi" si hatua. Nilimshauri amwombe mwajiri wake aruhusiwe kuandaa rasimu ya ritani ya mwezi mmoja, akijumlisha mauzo na manunuzi yenye risiti za EFD, kisha ampe mshauri wa kodi aikague kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha. Akifanya hivyo kwa miezi mitatu atakuwa na jambo la kweli la kuandika. Sikumwahidi kazi, na haifai kumwahidi mtu kwamba alama ikipanda ataajiriwa, kwa sababu mwaka ujao tangazo litakuwa jingine na washindani watakuwa wengine.

Yapo mambo ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo, na waombaji wanastahili kuyajua. Uzito wa 25 kwa uzoefu na 20 kwa VAT ulitokana na mazungumzo kati yangu na meneja wa fedha. Haukutokana na utafiti wowote juu ya nani hufanya kazi vizuri zaidi. Mstari wa 60 uliwekwa kwa kutazama idadi ya watu tunaoweza kuwasaili. Anayepata 58 na anayepata 61 siwezi kuapa kwamba wanatofautiana, ndiyo maana walio karibu na mstari nawasoma mwenyewe. Lugha nayo inanitia shaka kubwa. Tangazo likiwa la Kiingereza na wasifu ukiwa wa Kiswahili, mfumo unaweza kupita juu ya "usuluhisho wa benki" kana kwamba hapakuandikwa kitu, na mwombaji akapoteza alama kwa kosa lisilo lake.

Kwa sababu hizo hizo mwombaji asione aibu kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 katika kifungu chake cha 35, zinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake kuhusu mtu, na zinampa mhusika njia ya kuomba yaangaliwe upya. Aulize mambo matatu: vigezo vilikuwa vipi, kila kimoja kilipata ngapi, na ni maneno gani ya wasifu yaliyotumika kutoa alama hiyo. Ofisi isiyoweza kujibu la tatu haijui alama yake imetoka wapi, na haipaswi kuitumia kumwacha mtu nje.

Najua wenzangu watasema hakuna muda wa kuwaandikia mamia ya watu. Barua ile ilichukua dakika chache kwa sababu karatasi ya alama ilikuwa imeshahifadhi, mbele ya kila kigezo, sentensi ya wasifu iliyotumika. Anzeni na wale ambao kasoro yao ni ya usomaji au ya maandishi, kwa kuwa hao wanaweza kuvuka mstari kabla usaili haujaanza, kisha wajibuni wote waliouliza.